Taya Linaloalika na Maumivu ya Karibu na Sikio

Kiungo kinachounganisha taya la chini na fuvu kiko mbele kidogo ya tundu la sikio. Mtu akiweka ncha za vidole hapo kisha akafungua na kufunga kinywa, atahisi kichwa cha mfupa kikitembea chini ya ngozi. Mwanzoni mfupa huzunguka tu mahali pake, lakini kinywa kikizidi kufunguka, kichwa hicho huteleza mbele, kikatoka katika shimo lake na kupita chini ya kilima kidogo cha mfupa wa fuvu. Kati ya mifupa hiyo miwili kuna kisahani chembamba cha gegedu, ambacho kwa kawaida husafiri pamoja na kichwa cha taya na kuzuia mfupa usisuguane na mfupa.

Mlio wa "ta!" unaosikika wakati wa kula au kupiga mwayo hutokana na kisahani hicho. Kano zinazokishikilia zikilegea, kisahani husogea na kukaa mbele ya mfupa badala ya juu yake. Kinywa kinapofunguliwa, mfupa huurukia ukingo wa nyuma wa kisahani na kukaa sawa, na ule mruko ndio unaoalika. Kinywa kikifungwa, kisahani huponyoka tena, mara nyingi kwa mlio hafifu zaidi. Watu wengi huishi na mlio huo miaka mingi bila kuumwa, na mlio usio na maumivu wala kukwama hauhitaji tiba. Anayealikisha taya lake makusudi kila mara ili kuhakikisha kama bado linalia anazidi tu kuzivuta kano zilizokwisha kulegea.

Maumivu ni jambo jingine, na mara nyingi chanzo chake si kisahani bali misuli. Msuli wa shavu hutoka kwenye mfupa chini ya jicho hadi pembe ya taya. Mwingine hutandazika kwenye panja, juu ya sikio. Misuli hii ina nguvu nyingi lakini haikuumbwa kukazwa kwa saa nyingi mfululizo. Ikichoka huuma, na kwa kuwa mshipa wa fahamu unaohudumia kiungo cha taya ndio huohuo unaotoa matawi kwenye sikio, mgonjwa huamini kwamba sikio ndilo lenye ugonjwa. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika juu ya wagonjwa waliolalamikia masikio ilhali tatizo alilihusisha na taya. Maelezo yake ya chanzo yalikuja kupingwa, lakini kuchanganyikiwa huko kati ya sikio na taya kungalipo.

Kinachoichosha misuli zaidi ya chakula ni kukaza meno. Taya lililopumzika huwa na midomo iliyofungwa na meno yaliyoachana kidogo, milimita mbili tatu hivi. Meno ya juu na ya chini hayana haja ya kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Anayeyabana kwa saa nzima akiendesha gari, akihesabu fedha au akikodolea macho simu anaifanyisha misuli kazi isiyo na chakula ndani yake. Usiku mambo huwa magumu zaidi, maana aliyelala hana habari kwamba anakaza au anasaga meno. Wengine hawasikiki hata na wanaolala nao chumba kimoja, kwa sababu kukaza hakutoi sauti kama kusaga. Dalili huonekana asubuhi: taya zito, panja linauma, pembezoni mwa ulimi kuna alama za meno, na ndani ya shavu kuna mstari mweupe usawa wa pale meno yanapokutana.

Mfano wa fundi cherehani wa miaka 28 unaonyesha jinsi tatizo hili linavyopimwa. Anaumwa mbele ya sikio la kulia kila atafunapo nyama, na taya linaalika. Ametumia dawa ya matone ya sikio mara mbili bila nafuu. Sikio likichunguzwa ni safi. Kinywa kinafunguka milimita 42 kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, kiasi cha kawaida; bila rula, mtu mzima hupima kwa kuingiza vidole vyake vitatu vilivyosimamishwa. Msuli wa shavu ukibonyezwa, yanatokea maumivu yaleyale anayoyajua. Mchana hushika pini kwa meno akishona, na jioni hutafuna chingamu upande wa kulia. Kwa mlaji wa miraa anayejaza shavu moja kwa saa kadhaa, hadithi ingekuwa hiyohiyo.

Tiba yake huanzia jikoni. Kwa wiki mbili hivi chakula kiwe laini: uji, wali ulioiva vizuri, maharage yaliyopondeka, mayai, samaki wa mchuzi, ndizi za kupika, papai. Nyama si haramu, ila ichemshwe hadi ilainike na ikatwe vipande vidogo, na kutafuna kugawanywe pande zote mbili. Muwa, mahindi ya kuchoma, mifupa na chingamu vingoje. Vyakula laini vikiendelezwa kwa miezi, hata hivyo, msuli hudhoofika na mtu huanza kuogopa kutafuna. Maumivu yakipungua, ugumu wa chakula urudishwe polepole.

Pini zinahamia kwenye kijaruba. Kitambaa cha moto kinawekwa shavuni dakika 15 hadi 20, kisha msuli unasuguliwa taratibu kwa vidole. Mara kadhaa kwa siku anaweka ncha ya ulimi kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele na kufungua kinywa polepole bila kuuondoa, zoezi linalozuia taya lisiteleze mbele mno. Anapopiga mwayo anakinga kidevu kwa ngumi. Baada ya wiki sita maumivu yameisha. Mlio upo palepale, nao unaachwa.

Asiyepata nafuu huenda akatengenezewa na daktari wa meno kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku. Kinga hulinda meno yasilike na huweza kupunguza maumivu, lakini haimzuii mtu kukaza. Inapaswa kufunika meno yote ya taya moja, kwani inayofunika machache huyaacha mengine yahame. Chanzo cha kukaza nacho hutafutwa: kahawa ya usiku, pombe, tumbaku, baadhi ya dawa za sonona, au kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika. Dawa ya sonona isiachwe bila daktari aliyeiandika. Kuchonga meno yenye afya ili "yakutane vizuri" hakufai, maana jino lililochongwa halirudi.

Kuna hali zinazohitaji daktari mapema. Mlio ukitoweka ghafla na kinywa kikaacha kufunguka zaidi ya vidole viwili, huenda kisahani kimekwama mbele ya mfupa. Taya lililoachia likabaki wazi lirudishwe na mtaalamu. Uvimbe wenye homa huweza kuwa usaha wa gego, na taya linalokakamaa baada ya jeraha huweza kuwa pepopunda. Aliyepita miaka 50 akiumwa na taya anapotafuna, pamoja na panja kuuma au macho kufifia, atibiwe siku hiyohiyo asije akapofuka. Na maumivu ya taya yanayokuja mtu akipanda ngazi, kifua kikibana, ni ya moyo hadi ithibitike vinginevyo.