Krona na Euro: Ni Nani Anayemfuata Mwenzake?

Chora bei ya dola kwa shilingi ya Kenya, kisha bei yake kwa shilingi ya Tanzania, tangu katikati ya miaka ya 1990. Utapata mistari miwili inayopanda kwa pamoja. Ukiiuliza kompyuta kama inahusiana, itakujibu bila kusita kwamba inahusiana sana. Jibu hilo usilichukue haraka. Mwaka 1974 Clive Granger na Paul Newbold walionyesha kwamba hata mifululizo miwili ya namba za kubahatisha, isiyojuana hata kidogo, mara nyingi huonekana kuwa na uhusiano mkubwa, mradi kila mmoja uwe ni wa kuzurura.

Kuzurura maana yake ni kwamba bei ya leo ni ile ya jana pamoja na mshtuko mpya, na hakuna kiwango ambacho bei hulazimika kukirudia. Viwango vingi vya kubadilisha fedha huenda hivyo. Mapema mwaka 2024 shilingi ya Kenya ilipata nguvu ghafla, na dola ikashuka kutoka karibu shilingi 160 hadi karibu 130 katika wiki chache. Shilingi ya Tanzania haikuifuata: iliendelea kudhoofika, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imevuka 2,600. Tukio moja halimalizi mjadala, lakini linatuonyesha swali la kuuliza. Tusiulize kama bei mbili zimepanda pamoja. Tuulize kama pengo kati yake likitanuka, kuna kitu kinacholirudisha.

Fikiria jahazi linalokokota kihori kwa kamba. Upepo hulipeleka jahazi popote, na hakuna awezaye kusema kesho litakuwa wapi. Kihori nacho hakitabiriki. Lakini umbali kati yao unatabirika, kwa sababu kamba ina urefu wake. Wanauchumi huiita hali hiyo kointegresheni: kila mfululizo unazurura, ila pengo kati yao halizururi. Granger na Robert Engle waliieleza kwa ukamilifu katika makala ya mwaka 1987, na mwaka 2003 wote wawili walipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Mfano ulio wazi zaidi uko Denmaki. Nchi hiyo haitumii euro, lakini tangu mwaka 1999 imeahidi kuiweka krona yake karibu na 7.46038 kwa euro moja, isipande wala kushuka zaidi ya asilimia 2.25. Sasa tazama bei mbili: dola moja kwa euro, na dola moja kwa krona. Dola ikiwa euro 0.90, tunatarajia iwe krona 6.71 hivi. Ikipanda hadi euro 0.93, tunatarajia krona 6.94. Hakuna ajuaye dola itaelekea wapi mwaka ujao, na kwa hiyo bei zote mbili zinazurura. Lakini ukigawanya moja kwa nyingine, unarudi karibu na 7.46 kila mara.

Kwa sarafu ambazo hazina ahadi ya wazi kama hiyo, uchunguzi huenda hatua kwa hatua. Kwanza unahakikisha kwamba kila bei kweli inazurura, ila mabadiliko yake ya siku hadi siku yametulia. Pili unatafuta mstari unaoziunganisha vizuri zaidi bei hizo mbili, na kwa kila siku unaandika bei halisi imeachana na mstari kwa kiasi gani. Hayo ndiyo mapengo. Tatu unayapima mapengo: je, yanarudi kwenye sifuri, au nayo yanazurura?

Hapo wengi huteleza. Kipimo cha kawaida cha kuzurura, cha Dickey na Fuller, hutoa namba hasi, na kwa mfululizo wa kawaida hutosha namba hiyo ishuke chini ya takriban −2.86. Lakini mapengo haya si ya kawaida. Kompyuta imeshauchagua ule mstari unaoyafanya yawe madogo kadiri iwezekanavyo, kwa hiyo yanaonekana matulivu kuliko yalivyo. Ndiyo maana kwa sarafu mbili kipingamizi huwekwa juu zaidi, karibu −3.34. Anayepata −3.0 na kutangaza kwamba kuna kamba, ametumia jedwali lisilo lake.

Kamba ikipatikana, inabaki kujua inavuta vipi. Hiyo ndiyo kazi ya modeli ya kusahihisha kosa:

```
Δk(t) = b·Δe(t) + α·pengo(t−1) + u(t)
```

Hapa k ni bei ya dola kwa krona, e ni bei yake kwa euro, zote zikiwa katika logi, na alama Δ ni mabadiliko tangu kipindi kilichopita. Sehemu ya kwanza inasema krona inaitikiaje hatua ya euro papo hapo. Sehemu ya pili inasema inajirudi kiasi gani kwa sababu kipindi kilichopita ilikuwa imeachana na mahali pake. Ile u ni mshtuko usiotarajiwa.

Tuseme, kwa mfano tu, tunatumia takwimu za kila wiki na α ni −0.10. Wiki hii euro moja ni krona 7.48, yaani pengo ni krona 0.02 hivi. Kama hakuna mshtuko mpya, wiki ijayo moja ya kumi ya pengo itafutwa, libaki 0.018, kisha 0.0162, na baada ya wiki saba hivi litakuwa chini ya nusu. Alama ya kutoa ndiyo roho ya modeli: α ikiwa sifuri, krona haijirudi, na ikiwa chanya, inazidi kukimbia.

Kisha andika mlinganyo wa pili, safari hii wa euro. Kwa Denmaki tungetarajia α ya euro iwe karibu na sifuri, kwani Benki Kuu ya Ulaya haiamshwi na krona. Anayejirudi ni mmoja, na kwa nguvu za Benki Kuu ya Denmaki, inayonunua na kuuza fedha za kigeni na kubadilisha riba. Mwanzoni mwa mwaka 2015, wafanyabiashara walipozimiminia fedha krona, benki hiyo ilinunua fedha nyingi za kigeni na kushusha riba yake mara nne katika wiki chache, hadi asilimia −0.75. Ile namba α, inayoonekana kavu kwenye karatasi, ndiyo kazi hiyo.

Kilichowasha moto huo kilitoka Uswisi, nako kuna onyo. Tangu Septemba 2011 Benki ya Taifa ya Uswisi ilikataa euro ishuke chini ya faranga 1.20. Tarehe 15 Januari 2015 iliacha ghafla, na siku hiyohiyo euro ikaporomoka hadi karibu na faranga moja. Takwimu za hadi siku moja kabla zisingeliona hilo, kwa kuwa modeli hupima kamba iliyokuwapo, si uamuzi wa kuikata. Baada ya hapo, pengo lililopimwa kwa mstari wa zamani halikurudi.

Hata pasipo kukatwa, kamba yenyewe inaweza kuwa haikuwapo. Mwaka 1989 Richard Baillie na Tim Bollerslev waliripoti kwamba sarafu saba kubwa zilikuwa zimefungwa pamoja dhidi ya dola. Mwaka 1994 Francis Diebold na wenzake walirudia hesabu, wakaruhusu kila bei iwe na mwelekeo wake mdogo wa kudumu, na ushahidi ukayeyuka. Kwa utabiri, modeli haikushinda kusema tu kwamba kesho itakuwa kama leo. Granger alikuwa ameshaeleza kwa nini tutahadhari: kama pengo kweli linarudi, angalau bei moja inatabirika kwa sehemu, na katika soko huru wafanyabiashara wangeshalitumia pengo hilo hadi liishe.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha sarafu mbili zilizokwenda pamoja kwa miaka ishirini, muulize ni nani hulirudisha pengo, na kwa chombo gani. Denmaki jibu lina jina, ofisi na kiwango cha riba. Kwa shilingi zetu mbili, zisizo na ahadi yoyote kati yao, anayedai kuna kamba ndiye mwenye deni la kuithibitisha.