Umealikwa kuuza vipodozi? Piga hesabu kabla ya kusaini

Jirani au mwenzako wa kanisani amekupaka krimu mkononi, akakuambia: "Dada, na wewe unaweza kuwa na biashara yako mwenyewe." Kama Kiingereza bado kinakusumbua na huna wa kumwachia watoto, maneno hayo yanavutia. Hapa Marekani kampuni nyingi za namna hii zinafanya kazi kihalali. Lakini kampuni kuwa halali hakumaanishi kwamba utapata faida.

Kwanza elewa kwamba hujaajiriwa. Hakuna mshahara. Unanunua bidhaa kwa kampuni kwa bei ya chini, wakati mwingine nusu ya bei ya kuuzia, kisha unatafuta wanunuzi mwenyewe. Aliyekuandikisha hupata asilimia kutokana na unachoagiza, hata kama hujakiuza. Ndiyo maana anaweza kukuhimiza uanze na mzigo mkubwa.

Mfano wa hesabu

Namba hizi ni za mfano tu. Weka za kampuni yako mahali pake. Mama mmoja analipa dola 100 za seti ya kuanzia. Anashauriwa aagize bidhaa za dola 600 ili wateja wasimkute mikono mitupu. Hana fedha taslimu, kwa hiyo dola zote 700 anazilipa kwa kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Riba hiyo peke yake ni dola 14 kwa mwezi.

Mwezi huo anauza bidhaa zenye bei ya dola 200. Wanunuzi ni marafiki, kwa hiyo anawapunguzia kidogo na kupokea 180. Bidhaa hizo yeye alizinunua kwa 100, hivyo zinabaki 80. Sasa toa dola 12 za usafirishaji, 13 za sampuli na mifuko, na 20 za mafuta ya gari. Zinabaki 35. Toa na riba, zinabaki 21.

Kama alitumia saa tano kwa wiki kutembelea watu, kupeleka bidhaa na kufuatilia madeni, amepata kama dola moja kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa. Kwa mwendo huo, kurudisha zile 100 za seti kutamchukua karibu miezi mitano.

Mfano huu hauko mbali na hali halisi. Mwaka 2024, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, ilitoa ripoti juu ya taarifa za mapato za kampuni 70 za mfumo huu. Katika taarifa nyingi, washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na hiyo ni kabla ya kutoa gharama zao.

Nani atanunua?

Andika majina ya watu kumi ambao watanunua kwako tena baada ya miezi mitatu. Usijihesabu wewe mwenyewe. Katika jamii yetu ndogo, wanawake watatu wa kanisa moja wakiuza krimu ileile, wanagombania wanunuzi walewale. Ukiambiwa kwamba dawa ni kuandikisha wengine, ujue nao watakuta soko hilohilo, na kila mmoja atakuwa ameshanunua mzigo wake. Kama faida inategemea kuandikisha watu kuliko kuuza, kaa mbali.

Maswali ya kuuliza

Uliza ni kiasi gani lazima uagize ili usipoteze punguzo lako, na kila baada ya muda gani. Uliza pia: nikiacha, mtanunua tena mzigo uliobaki? Kampuni zilizo wanachama wa chama chao, DSA, zinatakiwa kurudisha angalau asilimia 90 ya bei uliyolipa kwa bidhaa zinazoweza kuuzwa tena, ulizonunua ndani ya miezi 12. Taka jibu kwa maandishi. Kisha tafuta kwenye simu jina la kampuni pamoja na maneno income disclosure statement, usome mshiriki wa kawaida hupata nini.

Ukiamua kuanza, chukua seti ndogo tu na uagize baada ya mteja kulipa. Tunza risiti zote, maana faida ikifika dola 400 kwa mwaka unapaswa kuitolea taarifa ya kodi. Kama unapokea msaada wa chakula, mwulize mhudumu wako namna ya kuripoti mapato hayo. Na kama unachopenda ni krimu tu, nunua moja kwa rafiki yako, yatoshe.

Karatasi ya kampuni usiyoielewa, tuletee ofisini kabla ya kusaini.