Kilo 70 kwenye pedali, kilo 14 barabarani

Chukua baiskeli nyeusi ya kawaida, ile ya kubebea maji na mkaa, isiyo na gia za kubadilisha. Mwendeshaji wa kilo 70 anasimama juu ya pedali wakati mkono wake umelala sambamba na ardhi. Je, tairi la nyuma linaisukuma barabara kwa nguvu kiasi gani? Kama kilo 14 tu.

Tufuate njia ya nguvu hiyo. Mkono wa pedali una urefu wa sentimita 17. Gia kubwa ya mbele, yenye meno 44, ina nusu kipenyo cha karibu sentimita 9. Kwa kuwa mkono ni mrefu karibu mara mbili ya hapo, mnyororo unavutwa kwa takriban kilo 134. Hadi hapo mguu umepata faida. Hasara iko nyuma: mnyororo unazungusha gia ya meno 18, yenye nusu kipenyo cha sentimita 3.6, ilhali ringi na tairi lake vina sentimita 35 na ushei. Nguvu inagawanyika karibu mara kumi.

Hakuna kilichoibwa. Mguu ukizunguka mara moja unasafiri kama mita 1, baiskeli inakwenda mita 5 na nusu. Umbali umenunuliwa kwa nguvu.

Kwenye tambarare biashara hiyo inalipa. Sasa funga madumu mawili ya maji ya lita 20. Mtu, baiskeli na maji ni kilo 130 hivi. Kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 15, kuusukuma mzigo huo, pamoja na ukinzani wa matairi, kunahitaji kama kilo 10 mfululizo. Zile 14 zinatosha? Hazitoshi, kwa sababu hupatikana mkono ukiwa umelala tu. Pedali ikifika juu kabisa au chini kabisa, uzito wa mwili hauzungushi chochote. Wastani wa mzunguko mzima ni kilo 9 kasoro, ndiyo maana watu hushuka na kukokota.

Weka nyuma gia ya meno 22 na wastani unapanda hadi kilo 10 na nusu hivi. Mlima uleule unapandika, ingawa polepole: kila mzunguko sasa unakupa mita 4 na nusu.

Ila gia mpya haipatani na mnyororo uliolika. Pini zikilika, mnyororo hurefuka, hupanda juu ya meno na kuruka unapokanyaga kwa nguvu. Pima pini 25 mfululizo, katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho: mnyororo mpya una sentimita 30 na nusu. Ukikuta 30.8, mwambie fundi abadilishe mnyororo na gia kwa pamoja.