Jiko la gesi linapolia bila kukoma

Mlio wa ta-ta-ta unaosikika kwenye jiko la gesi lenye kiwashio cha umeme ni sauti ya cheche inayoruka. Katika jiko zima, mlio huanza mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia na hukoma anapokiachia. Jiko likiendelea kulia vitufe vyote vikiwa vimefungwa, au likilia lakini cheche ikawa hafifu mno kushika gesi, hitilafu iko katika moja ya sehemu tatu: swichi ndogo iliyo chini ya kitufe, elektrodi iliyo kando ya kichomeo, au kisanduku cha cheche kilichofichwa ndani ya bodi la jiko. Kila sehemu ina dalili zake, na mara nyingi dalili hizo huonekana kabla jiko halijafunguliwa hata skrubu moja.

Mtu akibonyeza kitufe, swichi ndogo iliyo chini yake hufunga mzunguko na kupeleka umeme kwenye kisanduku cha cheche. Umeme huo hutoka kwenye plagi ya ukutani, au kwenye betri kwa majiko ya mezani. Ndani ya kisanduku mna kapasita inayojaa chaji na kuiachia kwa mkupuo mmoja kupitia transfoma ndogo, mara kadhaa kwa sekunde. Transfoma hupandisha umeme hadi volti zaidi ya elfu kumi. Nguvu hiyo hupita kwenye waya wenye ganda nene hadi kwenye elektrodi, ambayo ni kijiti cha chuma kilichovikwa kauri nyeupe, kisha huruka hewani kuelekea chuma cha kichomeo. Nafasi inayorukwa huwa milimita tatu hadi tano, karibu unene wa njiti mbili za kiberiti zilizolazwa pamoja.

Swichi za vichomeo vyote huunganishwa kwenye kisanduku kimoja. Ndiyo maana katika majiko mengi, ukibonyeza kitufe kimoja, cheche huruka kwenye vichomeo vyote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, jiko linapolia lenyewe haliwezi kuonyesha kwa cheche zake ni swichi gani yenye kasoro.

Chanzo cha kawaida cha mlio usiokoma ni unyevu. Maji ya kusafishia, uji uliofurika au mchuzi uliomwagika hupenya pembeni mwa kitufe na kutulia kwenye swichi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo kisanduku hupata umeme kana kwamba kuna mtu aliyebonyeza kitufe. Mafuta yaliyoganda nayo huweza kukinasisha kitufe kisirudi juu.

Mfano ni jiko la vichomeo vinne ambalo sufuria ya maharage imefurika juu yake jioni. Asubuhi plagi inapochomekwa, jiko linaanza kulia peke yake. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha hakuna harufu ya gesi. Harufu ikiwepo, plagi haiguswi: mtungi hufungwa, madirisha na milango hufunguliwa, na umeme hukatwa kwenye swichi kuu iwapo iko mbali na jikoni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, na cheche moja yatosha kuilipua.

Bila harufu, plagi huchomolewa na mtungi kufungwa. Vitufe huvutwa juu taratibu, kofia za vichomeo huondolewa, na kila kitu hufutwa kwa kitambaa kikavu. Kisha jiko huachwa wazi, ikiwezekana mbele ya feni, usiku mzima au siku nzima. Kulikausha kwa kuwasha kichomeo cha jirani ni kosa, kwani joto hilo huweza kuyeyusha plastiki ya swichi huku unyevu ukibaki chini. Pombe au manukato yanayoshika moto hayafai kabisa.

Jiko likinyamaza baada ya kukauka, tatizo lilikuwa maji. Likirudia kulia kila baada ya siku chache, huenda chumvi ya chakula imebaki ndani ya swichi na inavuta unyevu wa hewa, jambo ambalo huwa zito zaidi miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam. Hapo fundi, plagi ikiwa imechomolewa, hutenga nyaya za swichi moja baada ya nyingine na kujaribu tena kila mara. Swichi ambayo jiko hunyamaza ikitengwa ndiyo ya kubadilishwa.

Turudi kwenye jiko la maharage. Limekauka na kunyamaza, lakini kichomeo cha mbele kushoto hakiwaki ila kwa kiberiti. Hapa elektrodi ndiyo ya kuchunguzwa. Mtungi ukiwa umefungwa, kichomeo huwashwa kwa kiberiti na kuachwa hadi moto uzimike wenyewe, ili bomba lisibaki na gesi. Vitufe hurudishwa kwenye hali ya kufungwa, taa ya jikoni huzimwa, plagi huchomekwa, kisha kitufe hubonyezwa bila kuzungushwa zaidi ya inavyohitajika.

Gizani, cheche husema yenyewe. Cheche nzima ni ya buluu iliyokolea, nayo huruka kutoka ncha ya elektrodi hadi kwenye kichomeo. Ikiwa nyembamba na kuyumbayumba, ncha huenda ina masizi, au kofia haikukaa sawa na nafasi imekuwa kubwa. Ikionekana chini, ubavuni mwa kauri, basi kauri ina ufa. Cheche hufuata njia iliyo rahisi kuliko zote. Ikipata ufa wenye unyevu au masizi, huvukia bodini humo humo na haifiki juu penye gesi.

Masizi husafishwa kwa mswaki mkavu, na ncha ya chuma kwa msasa laini kidogo. Elektrodi haipindwi kwa koleo, kwani kauri huvunjika kirahisi. Yenye ufa haigundishwi kwa gundi, hubadilishwa. Iwapo kauri ni nzima lakini kichomeo hicho peke yake hakina cheche, waya wake hukaguliwa: huenda umechomoka, au panya wametafuna ganda lake na cheche inaruka kabla ya kufika.

Kisanduku cha cheche hulaumiwa mwisho. Dalili yake ni kuwa cheche za vichomeo vyote ni hafifu kwa pamoja, au hazipo kabisa ilhali umeme unafika. Kwa jiko la betri, betri mpya hujaribiwa kwanza, kwa maana betri iliyochoka hutoa mlio wa taratibu na cheche dhaifu, nayo ni rahisi kuliko kisanduku. Ushahidi wa wazi ni huu: nyaya za swichi zote zikitengwa na jiko bado linalia, kisanduku kimeharibika ndani.

Kwa kawaida kisanduku hicho kimejazwa utomvu mgumu na hakitengenezeki, hivyo hubadilishwa kizima. Kipya lazima kilingane na cha zamani kwa volti kinazotumia na idadi ya matundu ya nyaya za elektrodi. Plagi huchomolewa na jiko huachwa kwa dakika kadhaa kabla ya kukigusa, kwa kuwa kapasita huweza kubaki na chaji. Hadi kipya kipatikane, jiko likiwa na plagi nje ya soketi huwashwa kwa kiberiti: njiti huwaka kwanza na kusogezwa kwenye kichomeo, ndipo gesi hufunguliwa.