Dawa ya meno ya mtoto: soma jina dogo kwenye chupa

Mama wa Gety akiomba farmasi "dawa ya meno ya mtoto", anaweza kupewa moja kati ya dawa tatu zisizofanana, na maandishi ni ya Kifaransa. Picha ya mtoto anayecheka haisemi kitu. Usome herufi ndogo.

CHLORHEXIDINE ni maji ya kuua vijidudu, kwa fizi zenye vidonda. Ukitumia zaidi ya juma mbili, meno yanaweza kugeuka kahawia. FLUORURE ni ya kukinga meno yasitoboke. Ikiwa ni maji ya kusukutua, mtoto chini ya miaka 6 hapewi, sababu anameza.

Hatari iko kwenye tube ya jeli. Ukiona CHLORHYDRATE DE LIDOCAÏNE, usidanganywe na mwanzo wa jina: hiyo ni ganzi. BENZOCAÏNE vilevile. Mate yanaiondoa haraka kwenye fizi, mama anapaka tena na tena, mtoto anameza. Lidokaini inaweza kuleta degedege. Benzokaini inaharibu damu isibebe hewa.

Meno yakianza kuota, sugua fizi kwa kidole kilichonawishwa. Na kama mtoto alishapakwa ganzi, midomo ao kucha zikawa za buluu, ao anahema mbio, apelekwe hospitali palepale, pamoja na tube yenyewe.