Awamu nne zimelipwa, deni limetoka wapi?

Kila Aprili, wahasibu wa Kenya huandika barua ambayo mteja huisoma akiwa amekunja uso. Alilipa kodi ya awamu mwaka mzima bila kuchelewa, na sasa anaambiwa bado anadaiwa.

Tuchukue mfano wa kampuni yenye duka la vifaa vya ujenzi Mombasa, inayofunga hesabu Desemba. Mwaka uliotangulia ilitozwa kodi ya shilingi 600,000. Sheria inairuhusu kampuni kukadiria kodi ya mwaka mpya kwa kuchukua ile ya mwaka jana na kuongeza asilimia 10. Ikapatikana 660,000, ikagawanywa mara nne, na 165,000 zikalipwa kufikia tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba.

Hapo ndipo pa kuanzia. Makadirio hayo yanatazama mwaka uliopita. Hayajui kwamba katikati ya mwaka duka lilipata mkandarasi mkubwa. Kwa kiwango cha asilimia 30, shilingi 660,000 zinatosha faida ya milioni 2.2, lakini vitabu vilifungwa vikionyesha milioni 2.9. Ziada hiyo ya 700,000 pekee inazaa kodi ya 210,000.

“Mzee, biashara ilikua na makadirio yakabaki pale pale,” barua yaweza kueleza. Sehemu ya pili ni ngumu zaidi kumeza, kwa sababu fedha zake hazionekani benki.

Faida ya vitabuni siyo inayotozwa kodi. Mhasibu alikuwa ametoa 300,000 kama uchakavu wa gari la kupelekea mizigo. KRA haikubali uchakavu. Badala yake hutoa nafuu yake yenyewe, asilimia 25 ya gari la 800,000, yaani 200,000. Tena, karo ya watoto ya 200,000 iliyolipwa na kampuni si gharama ya biashara, nayo inarudishwa kwenye faida. Baada ya marekebisho hayo, faida ya kutozwa kodi inafika milioni 3.2 na kodi 960,000. Ukiondoa zilizolipwa, zinabaki 300,000: zile 210,000 za ukuaji, na 90,000 za marekebisho.

Kwa kuwa awamu zilifuata kanuni ya mwaka uliotangulia, salio hilo si kosa. Lilipwe tu kufikia Aprili 30. Likichelewa, adhabu ni asilimia 5, yaani 15,000, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Barua nzuri haiachi kutaja jambo moja zaidi. Kwa kanuni ile ile, kodi ya mwaka mpya inakadiriwa 1,056,000, na awamu ya kwanza ya 264,000 inadaiwa Aprili 20, siku kumi kabla ya salio. Aprili hiyo duka linahitaji 564,000 taslimu. Mwenye duka akijua mkandarasi hatarudi, anaweza kukadiria kwa faida anayoitarajia mwaka huu, ila atalazimika kuipitia hesabu yake kabla ya kila awamu.