Saa ya Kijiji cha Minecraft

Katika mchezo wa kompyuta wa Minecraft, jua, rangi ya anga na shughuli za wanakijiji hufuata hesabu moja. Saa ya mchezo hupiga mara 20 kwa sekunde, na siku nzima ina mapigo 24,000, yaani dakika 20 za saa ya ukutani. Hesabu huanzia sifuri kunapokucha, na kila mapigo 1,000 ni saa moja. Anayehesabu saa kwa Kiswahili hana haja ya kujumlisha wala kutoa: 2,000 ni saa mbili asubuhi, 6,000 ni saa sita mchana. Anayetaka kufika usiku wa manane papo hapo huandika `/time set 18000`.

Mwanga hupimwa kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 15. Mahali palipo wazi chini ya anga pana 15. Giza linapoingia, kompyuta haipiti kila tofali la dunia ile kulipunguzia mwanga, kwani kazi hiyo ingeilemea. Hutoa kidogo kidogo kwenye mwanga wote wa anga, hadi ngazi 11, zikabaki 4. Wakati huohuo upande wa machweo huingia rangi ya chungwa, kisha anga lote hukaribia weusi.

Vivuli ndivyo vilivyo na upungufu. Mwanga huo wa anga hushuka wima, na ukipenya pembeni hupungua ngazi moja kwa kila tofali. Haujali jua liko upande gani. Ndiyo maana giza la chini ya paa halihami tangu asubuhi hadi jioni. Ili kivuli kirefuke jua likishuka, ni lazima kompyuta iitazame kwanza mandhari kutoka upande wa jua, na kila kisichoonekana kutoka huko ikihesabu kimo kivulini. Toleo la Bedrock liliongezewa vivuli vya namna hiyo mwaka 2025.

Ratiba ya wanakijiji, katika toleo la Java, ilipata sura yake ya sasa mwaka 2019. Mkulima huamka alfajiri akazurura, na saa mbili huelekea kazini, kwenye pipa lake la mboji na mashamba ya karibu. Saa tisa alasiri huenda kwenye kengele ya kijiji kukutana na wenzake. Saa kumi na moja hutawanyika, na saa kumi na mbili jioni hurudi kitandani. Watoto hawana kazi. Wao hutengewa saa za kucheza.

Ratiba humwambia aende wapi, lakini haimfungulii njia. Bidhaa yake ikiisha, alama nyekundu ya mkasi hutokea kwenye orodha ya biashara, na huondoka akifika kwenye pipa lake, ambapo huweza kujaza bidhaa mara mbili kwa siku. Alama ikibaki siku nzima, kwa kawaida pipa limevunjwa au ukuta umemzuia kulifikia.